Sufuria ikae wapi?

Wanafunzi, tazameni dishi hili la jiko la jua: upana sentimita 120, kina sentimita 20. Miali ya jua hufika hapa ikiwa sambamba, na umbo la parabola huiakisi yote ikutane mahali pamoja, kwenye fokasi. Hapo ndipo tunapoweka sufuria, tena iliyopakwa rangi nyeusi.

Tuitafute. Zidisha upana kwa upana, upate 14,400; gawanya kwa kina mara 16, yaani 320. Fokasi iko sentimita 45 juu ya kitako cha dishi. Kina kingekuwa 30, ingeshuka hadi 30, usawa wa ukingo.

Doa la mwanga likiteleza pembeni mwa sufuria, jua limesogea, geuzeni dishi. Macho msiyapeleke kwenye fokasi kamwe, yataungua.