Toroli lako: mzigo ni kilo 90, wewe unanyanyua ngapi?

Huku Lemara kazi nyingi za bustani bado zinaenda na toroli, na vibarua wanalalamika viuno. Mara nyingi shida siyo uzito wa samadi, ni mahali ilipokaa ndani ya beseni. Tazama mchoro:

```
 gurudumu     mzigo                   mikono
 (egemeo)     kilo 90
    O-----------V-----------------------^
    |<- sm 45 ->|
    |<------------- sm 135 ------------>|
```

Toroli ni wenzo. Egemeo ni ekseli ya gurudumu, mzigo uko katikati, jitihada yako iko kwenye vishikio. Umbali wote unapimwa kuanzia kwenye ekseli. Hapa ndipo wengi wanakosea: wanapima kutoka kwenye mzigo hadi mikononi, wanapata sentimita 90, halafu hesabu yote inaharibika. Sahihi ni 135 gawanya kwa 45, unapata 3. Hayo ndiyo manufaa ya kimakanika. Kwa hiyo viroba vitatu vya samadi vya kilo 30 kila kimoja, jumla kilo 90, vinadai unyanyue kilo 30 tu.

Sasa kibarua ana haraka, anavitupa viroba nyuma, karibu na vishikio. Katikati ya mzigo inahama hadi sentimita 60 kutoka kwenye ekseli. 135 gawanya kwa 60 ni 2.25, na jitihada inapanda hadi kilo 40. Samadi ni ileile, lakini ameongeza kilo 10 kwa kila safari. Akipiga safari 30 kwa siku, jioni hana mgongo.

Ukitaka kuhakikisha, ning'iniza vishikio kwenye mizani ya ndoano, ukiishika pale pale mikono inapokaa. Anza na toroli tupu. Likisoma kilo 5, ziongeze kwenye zile 30, maana hesabu ya juu haikuhusisha uzito wa toroli lenyewe. Na usisogeze mzigo mbele kupita kiasi. Ukiteremka mteremko, toroli linapinduka kifudifudi. Tena hesabu hii ni ya kunyanyua tu. Kusukuma kwenye tope au kwa tairi lisilo na upepo ni habari nyingine.

Mtaimbo nao ni vilevile, ila egemeo liko katikati ya mzigo na mikono. Unang'oa jiwe shambani kwa mtaimbo wa sentimita 150: weka jiwe dogo la kuegemezea sentimita 15 kutoka kwenye ncha, nyuma zinabaki 135, manufaa ni 9. Jiwe linalodai kilo 180 kwenye ncha unalimudu kwa kilo 20. Ukiweka egemeo sentimita 30 kutoka kwenye ncha, manufaa yanashuka hadi 4, nawe unakandamiza kilo 45.

Ila mkono ukishuka sentimita 45 kwa manufaa ya 9, jiwe linapanda 5 tu. Likiinuka hivyo, mwenzako asukumie kokoto chini yake kwa kijiti, siyo kwa vidole, kisha sogeza egemeo na urudie.