Ufunguo Ukishavuja, Badilisha Kitasa

Tarehe 15 Septemba 2022, kampuni ya magari ya Toyota iligundua kwamba sehemu ya msimbo wa huduma yake ya T-Connect ilikuwa wazi kwa yeyote kuisoma kwenye mtandao wa GitHub. Kampuni iliyopewa kandarasi ya kuutengeneza ndiyo iliyoupakia hapo kimakosa Desemba 2017, na kwa karibu miaka mitano hakuna aliyeshtuka. Ndani ya msimbo huo mlikuwa na ufunguo wa seva ya data, na wateja 296,019 wakaambiwa kwamba huenda anwani zao za barua pepe zilionwa na watu wasiohusika. Msimbo ulifungwa siku ile ile. Ufunguo wenyewe ulibadilishwa tarehe 17, na hapo ndipo mlango ulipofungwa kweli.

Watu wengi hudhani kwamba ukifuta nywila kwenye faili, yameisha. Waandishi wengi wa programu huhifadhi kazi yao kwa Git, na Git haisahau. Kila unapohifadhi toleo jipya, la zamani hubaki lilivyokuwa. Chukua kijana anayetengeneza tovuti ya duka linalopokea malipo kwa simu. Ameandika siri ya malipo ndani ya faili, kazi ikaenda hewani, kisha kesho yake akashtuka akaifuta. Leo ukifungua faili huoni kitu. Lakini mwambie Git atafute kila toleo ambamo neno hilo liliingia au kutoka:

```
git log --all --oneline -S 'SIRI_YA_MALIPO'
```

Jibu linakuja hivi:

```
9f2c1e7 Nimeondoa nywila
41ab08d Mwanzo wa mradi
```

Ukiandika `git show 41ab08d`, siri inajitokeza herufi kwa herufi. Ule ujumbe wa juu, ulioandikwa kwa nia njema kabisa, ndio unaomwonyesha mwizi pa kuchimba.

Wezi hawasomi faili moja moja. Wana programu zinazokesha zikichungulia kila kinachopakiwa hadharani, na funguo nyingi zina sura inayotambulika: za Amazon za muda mrefu huanza na `AKIA`, baadhi ya tokeni za kibinafsi za GitHub zina `ghp_`. Zana za kujikagua, kama gitleaks na trufflehog, hutumia alama hizo hizo. Nywila isiyo na alama huwa ngumu zaidi kuinasa. Zana hulazimika kubahatisha kwa kutazama herufi zilizochanganyika ovyo, na hapo hukuletea makapi mengi pamoja na mchele.

Kwa hiyo kazi ya kwanza si kufuta. Ni kuomba ufunguo mpya kwa mwenye huduma, kuuweka kwenye seva, kuhakikisha malipo yanapita, kisha kuua ule wa zamani. Ukiona ufunguo tayari unatumiwa na mgeni, uue papo hapo hata kama duka litasimama kidogo. Baada ya hapo fungua kumbukumbu za huduma tangu siku siri ilipotoka, si tangu siku ulipoigundua, utafute maombi yaliyotoka mahali usipopajua. Toyota ilifanya hivyo. Haikuweza kuthibitisha kwamba kuna aliyeingia, wala kukana kabisa.

Kusafisha historia huja mwisho, na binafsi naona watu hulipa uzito usiostahili. Zana ya `git filter-repo` inaweza kuandika upya matoleo yote na kubadilisha siri kuwa nyota. Lakini nakala walizochukua wengine haiwezi kuzifikia, na mwenzako mmoja akipakia tena kutoka kwenye nakala yake ya zamani, uchafu wote unarudi. Wote lazima wachukue nakala mpya.

Siri hutoka pia kwa mlango wa kumbukumbu za mfumo. Mei 2018 Twitter iliwashauri watumiaji wake wote, zaidi ya milioni 330, wabadilishe nywila, kwa sababu hitilafu ilikuwa ikiziandika wazi kwenye kumbukumbu za ndani kabla ya kufichwa. Katika ofisi ndogo chanzo huwa mstari mmoja tu:

```
set -x
curl -H "Authorization: Bearer $TOKENI" "$ANWANI"
```

Mstari wa kwanza unaamuru kila amri ichapishwe inapotekelezwa, na tokeni huchapishwa ikiwa kamili, si jina lake. Mifumo inayoendesha kazi hizi hujaribu kuifunika kwa nyota, lakini huifunika inapoiona vile vile ilivyosajiliwa. Ikigeuzwa kuwa base64, kwa mfano, inaweza kupita. Ukiikuta humo, uliza pia kumbukumbu zile zilinakiliwa wapi: seva ya kukusanyia, diski ya akiba, au barua pepe aliyotumiwa fundi wa nje akiombwa msaada.