Choo cha Mtumba: Anza na Kauri, Bei Baadaye

Hoteli inapokarabatiwa, au mradi wa ujenzi unapokwisha na vifaa vikabaki, vyoo vya kukaa, masinki ya kunawia na koki huishia kwa muuzaji wa vifaa vya mtumba. Mnunuzi akifika pale hutazama kwanza usafi na mng'aro, kisha anauliza bei. Kwa maoni yangu hapo ameanzia pabaya. Madoa ya chumvi ya maji hutoka kwa siki na brashi, na choo kichafu kinaweza kuwa kizima kuliko kinachong'aa. Kasoro zinazokula fedha ni tatu, na hazilingani uzito: ufa kwenye kauri hautengenezeki, thredi iliyoliwa hutengenezeka mara chache, na kipuri kilichokosekana hupatikana au hakipatikani kutegemea aina. Ukaguzi ufuate mtiririko huo huo, maana ukishakuta ufa huna sababu ya kuhangaika na mengine.

Kauri ya vyoo na masinki huchomwa kwenye tanuru kwa joto la takriban nyuzi 1,200 za Selsiasi. Hutoka ngumu na haipitishi maji, lakini haipindi hata kidogo, kwa hiyo bolti ikikazwa kupita kiasi kauri haina njia nyingine ila kupasuka. Ndiyo maana nyufa nyingi zina makao yanayojulikana: kandokando ya matundu ya bolti chini ya bakuli la choo, kwenye matundu ya chini ya tangi la kuflashi, kuzunguka tundu la koki kwenye sinki, na kwenye mdomo wa nyuma unaotoa uchafu. Mwombe muuzaji akigeuze kifaa juu chini, kwa sababu nyingi ya sehemu hizo hazionekani vizuri kikiwa kimesimama. Chukua kitambaa chenye maji ya masizi au wino, paka sehemu hizo, subiri dakika moja hivi, kisha futa. Kauri nzima hubaki nyeupe. Penye ufa hubaki mstari mweusi mwembamba kama unywele. Usiuchanganye na vimistari vidogo vinavyosukana kama wavu kwenye tabaka la juu linalong'aa. Vile huwa vya juu juu, ilhali ufa huwa mstari mmoja unaoelekea mahali, na mara nyingi ukichungulia upande wa pili wa kauri unauona tena.

Mafundi wengi hugonga. Ni kipimo kizuri, ila kina masharti yake. Kifaa kiwekwe juu ya kipande cha mbao, kisigusane na kingine, na mfuniko na bolti ziwe zimeondolewa. Gonga kwa kifundo cha kidole au sarafu, pande mbalimbali. Kauri nzima hulia na sauti ikadumu kidogo. Iliyopasuka hutoa sauti butu inayokatika mara moja, kwa sababu kingo za ufa zinasuguana na kuua mtetemo. Hata hivyo, ufa mdogo wa pembeni unaweza usibadilishe sauti, kwa hiyo sikio halichukui nafasi ya jicho na wino. Kwa tangi kuna kipimo cha mwisho: ziba matundu ya chini, liweke juu ya boksi kavu, lijaze maji na uliache nusu saa huku ukikagua mengine. Boksi likilowa na matundu yameziba vizuri, umeshapata jibu.

Wapo watakaosema kwamba ufa huzibwa kwa gundi ya epoksi, na kwamba wameona sinki lililozibwa likatumika miaka. Hilo linawezekana kwa sinki lenye ufa wa juu, pasipofikiwa na maji mengi wala kubeba mzigo. Kwa bakuli la choo hoja hiyo siikubali. Gundi hufunika mstari, lakini mwili wa kauri unabaki umekatika, na kila mtu anapokaa uzito wake unaufungua ufa kidogo zaidi. Kauri ikivunjika hutoa kingo kali zinazoweza kumkata vibaya aliyekaa juu yake. Hakuna punguzo la bei linalofidia hatari hiyo.

Kuhusu koki, macho peke yake hayatoshi. Nenda na nati mpya au kiungo kipya cha nusu inchi mfukoni, ukifunge kwa mkono bila tepu. Kikiingia mizunguko mitatu hadi minne kwa ulaini na bila kuchezacheza, thredi ni nzima. Kikianza kwa kupinda, kikikwama baada ya mzunguko mmoja, au kikitikisika ukikishika, thredi imeliwa au iliwahi kufungwa upande. Muuzaji atasema utaongeza tepu. Tepu huziba nafasi ndogo kati ya thredi mbili nzima; haiwezi kurudisha chuma kilichokwisha. Angalia pia rangi ya brasi pale ambapo kromu imetoka. Brasi nzima ni ya manjano. Ukiona mabaka ya waridi au mekundu, maji yameshanyonya zinki na kuacha shaba yenye vitundu, na hapo koki inaweza kukatika fundi akiikaza. Na kama kifaa kimetoka Marekani, kama vile vinavyokuja kwenye makontena ya ndugu walio huko, ujue kwamba thredi yake ya nusu inchi si sawa na ya Kiingereza tunayoitumia Tanzania na Kenya. Zote zina meno 14 kwa inchi, kwa hiyo zinaanza kushikana na kumdanganya fundi, lakini pembe za meno ya ile ya Marekani ni nyuzi 60 badala ya 55. Hukwama mapema, zikavuja.

Tukifika kwenye vipuri, ndipo hesabu ya bei inapobadilika. Tuseme choo chenye tangi lake kinauzwa shilingi 90,000, na kipya kinachofanana nacho ni 200,000. Kauri ni nzima. Ndani ya tangi, boya limekatika na valvu ya kuflashi haipo. Seti mpya tuseme ni 40,000. Raba nene inayokaa kati ya tangi na bakuli, pamoja na bolti zake mbili, ni 15,000. Kiti chake ni 25,000. Sasa uko kwenye 170,000 kabla ya usafiri na ufundi, na faida imebaki 30,000 tu. Bado kuna mfuniko wa tangi. Huo kwa kawaida hauuzwi peke yake madukani, na wa choo kingine hauketi sawasawa, kwa hiyo kama haupo au umepasuka, choo hicho hakitakuwa kizima tena. Kwa koki ya miksa, swali la kwanza ni katriji iliyo ndani: ifungue na uipime upana. Za milimita 35 na 40 ndizo za kawaida. Nyingine yoyote, dai ionekane ikifanya kazi au uiache.

Pingamizi la mwisho ni kwamba vifaa vilivyobaki mradini ni vipya, vya kukagua nini? Havijatumika, kweli, lakini vimebebwa mara nyingi zaidi kuliko vya dukani, na boksi lililofunguliwa mara nyingi limeshatolewa bolti na raba kuziba pengo la chumba kingine. Vitandaze vyote sakafuni, uviunganishe pale pale tangi juu ya bakuli, na kisichopatikana kikatwe kwenye bei kabla hujatoa hela.