Fungu la Aliye Tumboni

Katika mirathi ya Kiislamu, mtoto aliye tumboni baba anapofariki ni mrithi, mradi azaliwe hai.

Tuseme marehemu, ambaye wazazi wake walishafariki, ameacha mjane mjamzito, mwana mmoja wa kiume na shilingi 2,400,000 baada ya madeni kulipwa. Mjane hupewa thumni yake, 300,000, mara moja, kwani mimba haiwezi kuibadilisha.

Zilizobaki 2,100,000, kwa madhehebu ya Shafi yanayofuatwa Pwani, husubiri uzazi, kwa sababu huenda wakazaliwa pacha. Akizaliwa wa kiume, kila ndugu hupata 1,050,000. Akiwa wa kike, hupata 700,000 na kaka yake 1,400,000.

Akizaliwa mfu, hana fungu. Zote ni za kaka. Akilia kisha akafa, amesharithi, na fungu lake hugawiwa warithi wake mwenyewe, mama akiwemo.