Bei Ikiruka, Itaendelea au Itarudi? Jibu Liko Kwenye Muda na Ada

Mwaka 1985 Werner De Bondt na Richard Thaler walichapisha utafiti juu ya Soko la Hisa la New York, wakitumia bei za kuanzia 1926 hadi 1982. Walichukua hisa 35 zilizokuwa zimeporomoka kupita nyingine zote ndani ya miaka 3, wakachukua na nyingine 35 zilizokuwa zimepanda kupita zote, kisha wakazifuatilia kwa miaka 3 iliyofuata. Zilizoporomoka zilizishinda zilizopanda kwa takriban asilimia 25. Aliyenunua kilichokataliwa na wengine ndiye aliyevuna.

Miaka 8 baadaye Narasimhan Jegadeesh na Sheridan Titman walirudi kwenye hisa za Marekani, safari hii wakiangalia 1965 hadi 1989. Walizipanga hisa kwa matokeo ya miezi 6 iliyopita, wakahesabu faida ya mtu anayenunua sehemu ya kumi iliyofanya vizuri zaidi huku akiuza sehemu ya kumi iliyofanya vibaya zaidi, na kukaa na msimamo huo miezi 6. Faida ilikuwa asilimia 12 hivi kwa mwaka. Hapa aliyevuna ni yule aliyefuata kilichokwisha kupanda.

Tangu hapo watu wamegawanyika kambi mbili. Wapo wanaoamini kwamba bei iliyoruka ina kasi na itaendelea kule ilikoelekea, na wapo wanaoamini kwamba imevuka mpaka na itarejea karibu na wastani wake. Mabishano hayo hudumu kwa sababu kila upande una takwimu halali mkononi. Kinachosahaulika ni kwamba takwimu hizo hazijibu swali moja. Moja inahusu miezi, nyingine inahusu miaka.

Ushahidi mzuri kuliko wote umo ndani ya utafiti wa 1993 wenyewe, na nashangaa hautajwi mara nyingi. Jegadeesh na Titman hawakuishia kwenye miezi 6. Walilifuata kapu lile lile la hisa mwezi baada ya mwezi, kwa miaka 3. Mwezi wa kwanza lilipata hasara kidogo. Kuanzia mwezi wa pili hadi wa 12 lilipata faida kila mwezi, na mwisho wa mwaka jumla ilifika asilimia 9.5. Mwaka wa pili mambo yakageuka: hasara kila mwezi, ikaendelea hadi katikati ya mwaka wa tatu. Zaidi ya nusu ya ile 9.5 ikayeyuka.

Kwa hiyo kapu moja lilionyesha marejeo kwa mwezi, kasi kwa mwaka, kisha marejeo tena kwa miaka. Ndiyo maana watafiti wengi wanaopima kasi leo hutazama miezi 12 iliyopita lakini huruka mwezi wa mwisho, maana mwezi huo una tabia yake tofauti.

Kila kipindi kina sababu yake inayoaminika. Katika siku na wiki chache, mara nyingi bei husukumwa na mtu mwenye haraka. Mfuko unaohitaji fedha leo huuza kwa bei yoyote, na anayekubali kununua wakati huo hulipwa kwa kubeba mzigo: bei ikirudi, tofauti ni yake. Katika miezi, habari huchukua muda kuenea. Wenye hisa huuza mapema wakishapata faida ndogo, hung'ang'ania zinazoshuka, na hivyo bei hufika polepole pale inapostahili. Katika miaka, watu huzidisha: kampuni iliyosifiwa kwa muda mrefu hulipiwa kana kwamba haitakosea kamwe, na iliyodharauliwa huuzwa kana kwamba imekwisha kufa.

Sasa tuingie kwenye gharama, kwa sababu hapo ndipo nadharia nyingi huishia. Marejeo ya wiki yanamtaka mtu anunue na kuuza kila wiki, yaani mizunguko 52 kwa mwaka. Hadi 1997 bei za hisa nyingi za New York zilipanda na kushuka kwa sehemu ya nane ya dola, yaani senti 12.5. Chukua hisa ya dola 20 ambayo pengo kati ya bei ya mnunuzi na bei ya muuzaji ni hizo senti 12.5. Kila mzunguko unakula asilimia 0.625. Zidisha kwa 52, upate asilimia 32.5 ya mtaji kwa mwaka, kabla dalali hajadai chake. Mwaka 2001 soko hilo lilihamia kwenye bei za senti moja moja. Pengo likipungua hadi senti 1, gharama ile ile inashuka hadi asilimia 0.05 kwa mzunguko, na 2.6 kwa mwaka.

Mtu angedhani hapo ndipo mlango ulipofunguka. Ulifunguka kweli, lakini waliingia wengi. Amir Khandani na Andrew Lo walipima mkakati rahisi wa marejeo ya siku moja kwa hisa za Marekani. Mwaka 1995, bila kuhesabu gharama, ulikuwa ukitoa wastani wa zaidi ya asilimia 1 kwa siku. Kufikia 2007 ulikuwa chini ya asilimia 0.2. Agosti mwaka huo mifuko mikubwa iliyokuwa imeshika hisa zinazofanana ililazimika kuuza kwa pamoja, na ndani ya siku chache mikakati ya aina hii ikapata hasara kubwa ajabu, ingawa soko kwa jumla halikuyumba sana.

Kuna jambo jingine kwenye pengo la bei ambalo linadanganya hata watafiti. Tuseme mnunuzi yuko tayari kwa 100 na muuzaji anataka 102, na hali hiyo haibadiliki wiki nzima. Jumatatu mauzo ya mwisho yakifanyika kwa 102 na Jumanne kwa 100, kitabu cha bei kitaonyesha hisa imeshuka karibu asilimia 2. Jumatano ikiuzwa tena kwa 102, itaonekana imerejea. Hakuna kilichorejea. Thamani haikusogea, ila aliyekuwa na haraka amebadilika, leo muuzaji, kesho mnunuzi. Anayetaka kujua ukweli apime kwa katikati ya bei hizo mbili, hapa 101, wala si kwa mauzo ya mwisho. Marejeo yakitoweka baada ya kupima hivyo, basi hayakuwapo. Katika masoko yenye mauzo machache, yakiwemo ya Nairobi na Dar es Salaam, kosa hili ni kubwa zaidi kwa sababu mapengo ni mapana.

Nairobi kuna mtego wa upande wa pili pia. Kwa kawaida kanuni ya soko hairuhusu bei ya hisa kusogea zaidi ya asilimia 10 kwa siku. Habari ikistahili kupandisha hisa kwa asilimia 25, itachukua siku tatu: 10, kisha 10 juu ya hiyo, kisha 3 na ushee. Anayeangalia mchoro ataona kasi safi. Lakini siku ya kwanza na ya pili wanunuzi wamejipanga na muuzaji hayupo, kwa hiyo kasi hiyo inaonekana bila kununulika.

Tuhesabu sasa kwa mwekezaji mdogo wa soko kama hilo. Tuseme ada na tozo zote zinamgharimu asilimia 2 akinunua na 2 akiuza, yaani 4 kwa mzunguko. Akifuata marejeo ya wiki atalipa asilimia 208 ya mtaji wake kwa mwaka, hesabu isiyo na maana yoyote. Akifuata kasi ya miezi 6, hatabadilisha hisa zote kila mara: Jegadeesh na Titman waliona kwamba takriban asilimia 85 ya kapu ilibadilika kila nusu mwaka. Chukua 0.85 mara 4 mara 2, upate asilimia 6.8 kwa mwaka. Kumbuka ile 12 ya Marekani ilikuwa tofauti kati ya hisa zilizonunuliwa na zile zilizouzwa kwa kuazima. Mwekezaji wetu, ambaye ananunua tu, anapata upande mmoja wa tofauti hiyo na analipa 6.8 yote. Akifuata marejeo ya miaka 3, analipa asilimia 4 mara moja, sawa na 1.3 kwa mwaka.

Kwa ada tu, basi, imani ya marejeo ya miaka ndiyo inayombakizia kitu mwekezaji mdogo. Nami naiamini hesabu hiyo, lakini ina masharti mazito. De Bondt na Thaler waliona faida ikikusanyika hasa mwaka wa pili na wa tatu, na sehemu kubwa ikija miezi ya Januari. Mwaka wa kwanza karibu wote unaweza kupita bila dalili yoyote njema. Tena walishika hisa 35, si moja. Baadhi ya hisa zilizoporomoka hufilisika kweli, na aliyenunua moja tu hana wastani wa kurejea.

Kabla ya kuchagua upande, inafaa kuuliza nini kiliisogeza bei. Wesley Chan, katika utafiti wa 2003, alitenganisha hisa za Marekani zilizoruka zikiwa na habari hadharani na zile zilizoruka bila habari. Zenye habari ziliendelea, hasa zilizoshuka kwa habari mbaya. Zisizo na habari zilielekea kurudi mwezi uliofuata. Hiki ni kipimo ambacho mtu anaweza kukifanya mwenyewe: hisa imeshuka asilimia 15, je, kuna taarifa ya faida iliyopungua, au ni mwenye hisa mkubwa aliyeuza?

Kwa wanaofuata kasi kwa kuazima na kuuza, hatari yao ina tarehe. Kuanzia Machi hadi Mei 2009 sehemu ya kumi ya hisa za Marekani zilizokuwa zimeanguka zaidi ilipanda asilimia 163, na zilizokuwa zikiongoza zikapanda 8 tu. Hisa ya Citigroup, iliyogusa chini ya dola 1 mwanzoni mwa Machi, ilikuwa juu ya dola 3 mwisho wa Mei. Aliyenunua viongozi kwa milioni 1 na kuuza walioanguka kwa milioni 1 alipata 80,000 upande wa kwanza na kupoteza 1,630,000 upande wa pili, zaidi ya mtaji wenyewe. Julai na Agosti 1932 ilikuwa mbaya zaidi: walioanguka walipanda asilimia 232, viongozi 32.

Kent Daniel na Tobias Moskowitz, waliokusanya takwimu hizo, walionyesha kwamba maporomoko haya huja katika hali inayotambulika: soko limekwisha kuanguka sana, bei zinayumba kwa nguvu, kisha soko linageuka ghafla. Kampuni zilizoanguka wakati huo zimejaa madeni, na matumaini kidogo tu hurusha bei zao mara mbili au tatu. Pedro Barroso na Pedro Santa-Clara walijaribu kanuni moja nyepesi: kupunguza ukubwa wa msimamo kila yumbo la mkakati wenyewe linapoongezeka katika miezi iliyotangulia. Mwezi mbaya kuliko yote katika rekodi yao ulishuka kutoka hasara ya asilimia 79 hadi 28.