Nguzo Ndiyo Inayoishusha Ncha

Bucha nyingi za mitaani zina chuma cha kutundikia mizani. Ni nondo ya mraba iliyopindwa mara moja tu: nguzo inasimama juu ya kaunta, inakata kona huko juu, kisha mkono mfupi unatokeza mbele na mizani inaning'inia nchani. Mzigo ukitundikwa, ncha inashuka kidogo. Muulize mtu yeyote aliyesimama hapo ni kipande gani kilichopinda, naye atakuonyesha mkono, maana ndio uliobeba mizani. Nguzo yenyewe inaonekana imetulia, haina habari.

Hebu tuipigie hesabu. Tuchukue nondo ya chuma ya milimita 20 kwa 20, nguzo ya milimita 600 na mkono wa milimita 400. Mizani na nyama kwa pamoja ni kilo 10, yaani kani ya Nyutoni 100 hivi kuelekea chini. Chini ya nguzo kuna pleti iliyochomelewa na kufungwa kwa bolti, na kwa sasa tuseme pleti hiyo haitikisiki hata kidogo.

Njia ya moja kwa moja ya kujua ncha imeshuka kiasi gani ni kufuata umbo la chuma kilivyopinda, kipande baada ya kipande, tangu kwenye pleti mpaka nchani. Inawezekana, lakini pale kwenye kona mtu hupotea upesi: nguzo imeinamia mbele, kona imezunguka nayo, mkono umeanza safari yake ukiwa tayari umelala upande, kisha nao unapinda kwa zamu yake. Njia nyingine haijali umbo hata kidogo. Inauliza swali moja: chuma kimeweka akiba ya nishati kiasi gani kilipokuwa kinapindwa?

Chuma kinachopinda na kurudi kinahifadhi kazi iliyofanywa na mzigo. Ukiongeza mzigo polepole kutoka sifuri, ncha inashuka polepole, na kazi hiyo yote inabaki ndani ya nondo kama nishati ya mnyumbuko. Anayehusishwa na hatua ya kuigeuza nishati hiyo kuwa mshuko ni Carlo Alberto Castigliano, Mwitaliano aliyezaliwa Asti mwaka 1847. Aliiandika katika tasnifu yake ya uhandisi huko Turin mwaka 1873, akaajiriwa na shirika la reli la kaskazini mwa Italia, na mwaka 1879 akatoa kitabu kizima juu ya jambo hilo, kwa Kifaransa. Alifariki mwaka 1884, akiwa bado hajafika miaka 40. Kanuni yake ni fupi: ukijua nishati iliyomo katika chuma kwa mzigo fulani, angalia inaongezeka kwa kasi gani mzigo ukiongezwa kidogo sana. Kasi hiyo ndiyo umbali ambao sehemu yenye mzigo imesogea, kwa upande ule ule mzigo unakosukuma.

Kwa nini iwe hivyo? Sababu yake inafikirika bila hesabu ndefu. Tuseme mzigo mkubwa tayari unaning'inia, nawe unataka kuongeza kijipande kidogo cha nyama. Unaweza kukiweka mwisho, lakini pia ungeweza kukiweka kwanza, mizani ikiwa tupu, kisha ukaleta mzigo mkubwa. Hali ya mwisho ya chuma ni ile ile, kwa hiyo nishati iliyomo ni ile ile. Sasa fuata safari ya kijipande kilichotangulia. Kilipowekwa peke yake kilishusha ncha kwa kiasi kisichohesabika. Mzigo mkubwa ulipofuata, kijipande kikapanda nao chini umbali wote ambao mzigo huo unaishusha ncha, na uzito wake ukafanya kazi njia nzima. Basi nishati iliyoongezeka kwa ajili yake ni uzito wake mara mshuko. Gawa ongezeko la nishati kwa ongezeko la uzito: unabaki na mshuko peke yake.

Turudi buchani. Nishati inayohifadhiwa katika kila milimita ya nondo inategemea momenti, yaani kani mara umbali wake kutoka kipande kinachoangaliwa. Tukiita momenti hiyo M, nishati kwa kila milimita ni M²/(2EI). Herufi E ni ugumu wa chuma chenyewe, Nyutoni 200,000 kwa kila milimita ya mraba. I inatokana na umbo la nondo, na kwa mraba wa milimita 20 ni 13,333. Cha kuangalia zaidi ni kile kipeo cha pili juu ya M. Kipande chenye momenti maradufu kina nishati mara nne.

Katika mkono, momenti inaanza na sifuri nchani na kukua mpaka kwenye kona, ambako inafika Nyutoni 100 mara milimita 400. Sehemu kubwa ya mkono, basi, ina momenti ndogo na nishati ndogo. Ukijumlisha tangu ncha hadi kona unapata Nyutoni-milimita 40. Nguzo ni habari nyingine. Mzigo unaelekea wima chini, na kila kipande cha nguzo, kiwe cha juu au cha chini, kiko milimita 400 kutoka kwenye mstari wa mzigo. Kwa hiyo nguzo nzima, milimita zote 600, inabeba momenti ile kubwa kuliko zote bila kupungua. Jumla yake ni Nyutoni-milimita 180. Mkono unaosingiziwa una 40, nguzo iliyotulia ina 180.

Nishati yote ni 220. Kwa kuwa inakwenda na kipeo cha pili cha mzigo, kwa mzigo wowote P tunaweza kuandika U = 0.022P². Wanaojua kalkulasi watasema mara moja kwamba kasi ya ongezeko ni 0.044P, na kwa Nyutoni 100 hiyo ni milimita 4.4. Asiyejua achukue kikokotoo cha simu. Weka P ya 101 badala ya 100: nishati inakuwa 224.42. Nyutoni moja imeongeza nishati kwa 4.42. Jaribu 100.1, utaona nishati imeongezeka kwa 0.44 kwa sehemu moja ya kumi ya Nyutoni, ambayo ni 4.4 kwa Nyutoni nzima. Kadiri ongezeko linavyokuwa dogo, ndivyo jibu linavyokaribia 4.4. Hakuna siri nyingine katika hesabu hiyo.

Kati ya milimita hizo 4.4, mkono umechangia 0.8 na nguzo 3.6. Kosa la kawaida katika swali la namna hii ni kuichukua nguzo kama kitu kinachokandamizwa tu, halafu kuandika 0.8 kama jibu. Kukandamizwa kwenyewe kupo, lakini kunaifupisha nguzo kwa chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita. Kinachoishusha ncha ni kupinda kwa nguzo. Hata dawa inabadilika ukilijua hilo. Ukitumia nondo ya milimita 25 kwenye mkono peke yake, mshuko unabaki kama 3.9. Nondo hiyo hiyo ukiiweka kwenye nguzo, mshuko unapungua hadi 2.3 hivi. Au usinunue chuma kingine chochote: fupisha mkono uwe milimita 300, utapata 2.4.

Ncha haishuki tu, inasogea mbele pia, kwa sababu nguzo inainama. Hapa kanuni inaonekana kukwama, maana hakuna mzigo wowote unaovuta mbele, na tutawezaje kuangalia ongezeko la kitu ambacho hakipo? Ujanja ni kukibuni. Weka nchani kani ya kufikirika, tuiite Q, inayovuta mbele. Mkono haupindi kwa ajili yake, unavutwa tu kwa urefu wake. Lakini kwenye nguzo, momenti sasa ni 400P jumlisha Qy, ambapo y ni umbali kutoka kona kwenda chini. Andika nishati ikiwa na Q ndani yake, tafuta inavyoongezeka Q ikiongezeka, na hapo ndipo uifanye Q kuwa sifuri. Ukiifuta mapema imetoweka pamoja na jibu lako, na wanafunzi wengi hunasa hapo hapo. Jibu ni milimita 2.7 kwenda mbele.

Kwa nini tujisumbue na namba hiyo ya pili wakati muuza nyama anaona mshuko tu? Kwa sababu yale tuliyokubaliana mwanzoni, kwamba pleti haitikisiki, ndiyo yanayokataa mara nyingi kuliko mengine. Chuma chenyewe kiko salama: mkazo wake mkubwa kabisa ni kama Nyutoni 30 kwa milimita ya mraba, wakati chuma laini cha kawaida huanza kupinda moja kwa moja karibu na 250. Kanuni ya Castigliano, kwa sura tuliyoitumia, inadai kwamba mzigo ukiongezwa maradufu mshuko nao uwe maradufu, na chuma kisichokazwa kupita kiasi kinatii. Kaunta ya mbao, bolti zilizolegea na pleti nyembamba haviahidi kitu. Tena mzigo uwekwe taratibu. Nyama ikiachiwa ghafla, ncha itashuka mara moja karibu maradufu kabla ya kutulia.

Tuseme basi umepima kwa rula nzuri, mzigo ukiwa umetulia, ukapata mshuko wa milimita 6.4 badala ya 4.4. Je, fundi amekuuzia nondo nyembamba, au ni pleti? Pima na kusogea mbele. Nondo ikiwa laini au nyembamba kuliko ilivyosemwa, namba zote mbili zitakua kwa kiwango kimoja: 4.4 ikiwa 6.4, basi 2.7 itakuwa 3.9 hivi. Lakini pleti ikizunguka, chuma chote kinazunguka nayo kama kipande kimoja. Ncha iko milimita 400 mbele na 600 juu, kwa hiyo kila ongezeko la milimita 2 kwenda chini linakuja na ongezeko la milimita 3 kwenda mbele. Ukipima ukakuta ncha imekwenda mbele milimita 5.7, mwache fundi na nondo yake. Chukua spana, kaza bolti kwanza, na kama namba hazijapungua, weka pleti nene zaidi au kipande cha pili chini ya kaunta, mbao ikae katikati ya vyuma viwili.