Kugawa Nusu au Kufuata Mguso

Mlinganyo x³ − 2x − 5 = 0 una zaidi ya miaka 300 kwenye vitabu vya hesabu. Isaac Newton mwenyewe aliutumia kuonyesha njia yake, na mpaka leo unatosha kueleza kwa nini mtihani huuliza njia mbili za kutafuta mzizi, si moja.

Weka 2 mahali pa x, unapata −1. Weka 3, unapata 16. Alama imegeuka, na kwa kuwa grafu yake haina pengo, lazima imevuka sifuri katikati ya hapo. Basi gawa nusu: 2.5 inatoa 5.625, chanya, kwa hiyo mzizi uko kati ya 2 na 2.5. Gawa tena, na tena. Kila mara kipande kinachouficha mzizi kinapungua kwa nusu, hivyo unajua mapema kazi iliyo mbele yako: ukitaka kipande kifupi kuliko milioni moja ya uniti, utagawa mara 20. Ni polepole, lakini una hakika.

Newton anaanzia 2 na kuchora mstari unaoigusa grafu hapo. Mteremko unatoka kwenye 3x² − 2, yaani 10. Mstari huo unakata sifuri penye 2 − (−1)/10 = 2.1. Rudia kutoka 2.1, unapata 2.0945681. Mzizi halisi ni 2.0945515 hivi. Kosa lilikuwa 0.095, likawa 0.0054, kisha 0.000017, na hatua ya tatu inalishusha chini ya 0.000000001. Karibu na mzizi huu, kosa jipya ni takribani 0.56 mara mraba wa kosa lililotangulia, ndiyo maana tarakimu sahihi karibu zinaongezeka maradufu kila hatua.

Sasa anzia 0.8. Mteremko hapo ni −0.08 tu, mstari umelala karibu bapa, na hatua moja inakutupa hadi −75.3. Hii ndiyo hatari ninayotaka mwanafunzi aitazame kwa makini: gawanyo lenye mteremko mdogo chini yake. Mzizi unaojirudia nao una taabu yake. Kwa x² = 0, Newton hupunguza kosa kwa nusu tu kila hatua, na kugawa nusu hakupati hata pa kuanzia, kwani alama haigeuki.

Ukiachiwa uchague, changanya. Gawa nusu mara nne kwenye mlinganyo wetu, utabaki kati ya 2.0625 na 2.125. Chukua katikati, 2.09375, kisha piga hatua moja ya Newton: unapata 2.0945518, na kosa ni chini ya 0.0000004.